Mama anaamka saa 10 alfajiri kwenda kukaanga vitumbua: tunavyoishi na dimensia nyumbani bila kugombana naye

BintiNgamiani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Mama yangu ana miaka 79, tunaishi Tanga mjini. Kwa zaidi ya miaka 30 alipika vitumbua na kuviuza kibarazani Ngamiani, na kwa pesa ile alitusomesha sote wanne. Mwaka 2021 hospitali walituambia ana dimensia. Kusahau majina tulikuzoea mapema. Mambo yaliyotutoa machozi ni matatu: kuondoka nyumbani, kutolala, na swali moja linaloulizwa mpaka kichwa kinauma. Naandika yaliyotusaidia sisi, na wenye ujuzi kunizidi wanisahihishe.

Kuanzia saa 11 jioni mama alikuwa anauliza, "Mchele umelowekwa?" Namjibu, "Mama, sisi hatuuzi vitumbua tena." Anatulia dakika mbili, anauliza tena. Siku moja nilihesabu mara 40 kabla ya isha, nikaacha kuhesabu. Nikimkazia sauti, analia. Giza likiingia anaanza kuzunguka chumba kwa chumba, anasema anataka kwenda kwake, na hapa ndipo kwake, nyumba aliijenga mwenyewe. Halafu saa 10 alfajiri anaamka, anajifunga kanga, anachukua kikapu kilichokuwa kinaning'inia nyuma ya mlango, anatoka. Mara mbili tulimkuta mtaani. Mara ya tatu alifika Ngamiani, amekaa kwenye kibaraza cha watu anangoja wateja.

Nikanunua daftari la shilingi 500, nikawa naandika vitu vinne tu: saa ngapi, amefanya nini, kabla ya hapo kulikuwa na nini, na nini kilimtuliza. Baada ya siku 10 nikaona kitu ambacho nilikuwa nacho mbele ya macho miaka yote. Mama alikuwa akiloweka mchele jioni, anausaga usiku, na saa 10 alfajiri moto umeshawaka. Yale matatu niliyoyaona matatizo matatu ilikuwa ni siku moja ya kazi. Mwili wake bado unaifuata.

Kwa hiyo nikaloweka mchele. Kiganja kimoja tu, kwenye bakuli lenye kawa, juu ya meza anapokaa. Akiuliza, simjibu kwa maneno mengi. Nasema, "Umelowekwa mama, tazama." Anafunua kawa, anaingiza vidole, anazungusha mchele ndani ya maji kama anavyofanya mpishi anayejua kazi yake, anafunika. Bado anauliza, sitawadanganya, lakini mara sita au saba, na haulizi kwa hofu. Na vidole vyake vinapata jibu hata kama kichwa hakilishiki.

Alfajiri nako nilikuwa nakosea. Nilikuwa nasimama mlangoni nambishia: "Mama ni usiku, rudi ulale." Anapandisha, ananisukuma, nyumba nzima inaamka. Sasa nakaa upande wake badala ya mbele yake, namwambia, "Unga bado haujaumuka, tungoje kidogo." Tunakaa jikoni kwenye mkeka, nampa uteo na mchele achambue, nampa maji ya tangawizi ya vuguvugu. Taa moja tu, sauti ya chini. Baada ya dakika 20 au nusu saa kichwa kinaanza kuinama, namrudisha kitandani.

Kuhusu kikapu: kila mtu alinishauri nikifiche pamoja na viatu. Nikakificha. Usiku ule mama alikitafuta mpaka uvunguni mwa kitanda, akaniita mwizi. Nikakirudisha, lakini nikakiweka jikoni kando ya kigoda chake badala ya mlangoni. Sasa akiamka anakifuata kikapu jikoni, hapiti mlangoni. Mlangoni nimefunga kengele ya mbuzi, na komeo nimelishusha chini karibu na sakafu, pazia linalifunika. Mkono wake unalitafuta pale juu lilipozoea kuwa.

Nyumbani kwenu mnafanyaje?

---

Kaluse_86

Pole dada. Mume wangu naye anatembea usiku, anafungua friji anakula huku amelala, asubuhi hakumbuki. Ana miaka 41. Na yeye nimwekee mchele?

BintiNgamiani

Kaluse, mama yangu anapotoka yuko macho kabisa, anajua anakokwenda, ila anakwenda kwenye mwaka mwingine. Mumeo analala huku anatembea, hilo ni jambo jingine. Mpeleke kwa daktari wake, hasa kama anatumia dawa yoyote ya usingizi.

---

Kaka_wa_Makorora

Dada umejitesa bure. Sisi tulikuwa na babu mwenye hali hiyo. Usiku tulikuwa tunampa piritoni mbili analala mpaka asubuhi, na mlango tunapiga kufuli kwa nje tukienda shamba. Hakupotea hata siku moja. Lile la kumshughulisha mchana ni kweli, babu akilima kidogo alilala vizuri.

---

NesiMstaafu_Moshi

Kaka wa Makorora, la kumshughulisha umesema kweli tupu, nitalirudia chini. Hayo mawili mengine niruhusu nikupinge, kwa heshima. Nimefanya kazi wodini miaka mingi na nimemuuguza baba mkwe nyumbani miaka sita.

Piritoni inamlaza mtu, ndiyo. Lakini dawa za kundi hilo zinazuia kemikali ileile ya ubongo ambayo mgonjwa wa dimensia tayari anayo pungufu. Kesho yake anaamka amechanganyikiwa zaidi, mdomo mkavu, choo kigumu, mkojo unagoma kutoka. Familia inaona hali imezidi, inaongeza dozi. Promethazini ni hivyohivyo. Valiamu ina balaa lake: mzee anaamka saa 8 usiku miguu haina nguvu, anaanguka, nyonga inavunjika. Na zile dawa kali za magonjwa ya akili, kama haloperidoli, zinaongeza hatari ya kiharusi na kifo kwa wazee wenye dimensia. Daktari anaweza kuzitumia kwa muda mfupi pale mtu anapojiumiza au kuumiza wengine, lakini si za kununua dukani ili watu walale.

Kufuli la nje mtu akiwa peke yake ndani: moto ukiwaka nani atamtoa? Komeo la Binti lina maana kwa sababu yeye yumo ndani na anajua kulifungua gizani. Kama hakuna mtu wa kubaki, mpelekeni kwa jirani, au mwende naye shamba.

Sasa usiku. Ukitaka usiku utulie, anza asubuhi. Mtoe nje kwenye mwanga wa jua kabla ya saa 4, akae au atembee angalau nusu saa. Saa ya ndani ya mwili ya wagonjwa hawa imelegea, na mwanga wa asubuhi ndio unaoikaza. Mchana akisinzia mwache kidogo, nusu saa hivi, na isiwe baada ya saa 9. Chai ya majani na kahawa ziishe saa 8 mchana. Maji anywe ya kutosha, lakini mengi ayanywe kabla ya saa 11 jioni. Msimnyime maji siku nzima kwa kuogopa kukojoa usiku. Akikauka, anachanganyikiwa zaidi. Na kama anatumia kidonge cha presha kile kinachokojoza, muulizeni daktari kama anaweza kukinywa asubuhi. Nimeona nyumba ambazo mzee alikuwa "anazurura usiku", kumbe anatafuta choo.

Jioni washeni taa kabla giza halijaingia. Pale saa 12 vivuli vinarefuka, na jicho la mzee linaona mtu pale ulipo mwavuli tu. Fungeni mapazia, funikeni kioo akiwa anakiogopa. Taa ndogo iwake njia ya choo usiku kucha.

---

BintiNgamiani

Nesi asante. Kioo ni kweli, mama alikuwa anamkaribisha "yule bibi" aje kula.

---

MwanaMvita

Natoka Mombasa. Mimi shida yangu ni swali. Mamangu anauliza, "Babako mbona hajarudi?" Baba alifariki 2014. Mwanzo nilikuwa namwambia ukweli. Analia kama ndio mara ya kwanza anasikia, anataka kujua alizikwa wapi, nani alimuosha. Baada ya nusu saa anauliza tena, na mimi namfisha baba tena. Ndugu zangu wanasema nimwambie yuko safarini. Mimi moyo unakataa kumdanganya mama.

Abu_Swaleh

Dada Mvita, usimwambie uongo. Ukweli ni ukweli hata kama unauma. Mwambie kwa upole, mfundishe aseme inna lillahi, atazoea.

NesiMstaafu_Moshi

Ndugu yangu, kuzoea kunahitaji kumbukumbu, na hicho ndicho kilichoharibika. Habari haikai, ila majonzi yanakaa. Anaweza kushinda amenuna siku nzima bila kujua nini kilimuumiza.

Mvita, kati ya kumfisha na kumsafirisha iko njia ya tatu. Usijibu baba yuko wapi, jibu kinachomfanya aulize. Sema, "Umemkumbuka baba leo." Kaa. "Alikuwa anapenda nini ukimpikia?" Mara nyingi atakueleza mwenyewe, na wewe hujasema uongo hata mmoja. Angalia pia anauliza wakati gani. Baba mkwe alikuwa anamuulizia marehemu mkewe kila anaposikia njaa, kwa sababu ndiye aliyekuwa anampakulia. Tukiweka sahani mbele yake swali linakwisha.

MwanaMvita

Nimejaribu leo. Amenieleza habari ya samaki wa kupaka na jinsi baba alivyokuwa akimsubiri nje ya geti la kazini. Hii ya kazini sikuwahi kuisikia. Lakini baada ya hapo aliniuliza uso kwa uso: "Amekufa?" Nikanyamaza. Sikujua niseme nini.

NesiMstaafu_Moshi

Akiuliza hivyo, moja kwa moja, mimi ningesema ndiyo, na ningemshika mkono. Amekuuliza kwa sababu anakaribia kujua. Wenzangu wengine kazini walikuwa hawakubaliani nami katika hili.

Abu_Swaleh

Hapo Nesi nimekuelewa. Ila Binti, ile ya "unga haujaumuka" na hakuna unga, si ni uongo?

BintiNgamiani

Abu Swaleh, lilinikaa rohoni. Siku hizi jioni nasaga kikombe kimoja na hamira kidogo, nakiacha jikoni, na asubuhi wajukuu wanakula vitumbua vitano sita. Kwa hiyo unga upo, na kweli haujaumuka. Siku ninazochoka hakuna unga, na bado nasema. Sijui hukumu yake, najua tu mama analala.

---

Mtoto_wa_Mwisho_Maskati

Mimi ni mdogo wake Binti, niko Oman. Naandika jambo ambalo dada ameona aibu kulitaja. Nilikuwa napiga video kila siku nikitoka kazini, huko nyumbani ni saa 12 na nusu jioni. Mama ananiona nipo ndani ya simu, anaanza kunitafuta nyumbani, anafungua milango, anasema mtoto amepotea. Nikikata simu, kule wanabaki na kazi mpaka saa 6 usiku. Daftari ndilo lililonikamata: usiku mbaya wote ulikuwa umeandikwa "simu ya Maskati" juu yake. Sasa napiga saa 3 asubuhi ya Tanga, sauti tu bila picha, dakika 10. Siulizi, "Mama unanikumbuka?" Namwambia, "Mama, ni mwanao Saidi wa mwisho," basi, tunaongea habari za nazi na samaki.

---

Kaka_wa_Makorora

Nesi nimekusoma, sikuwa najua la piritoni. Babu miezi yake ya mwisho kweli alikuwa hapati mkojo. Mungu atusamehe.

Swali: mtaani kwetu bibi mmoja alibadilika ghafla, siku mbili tu, akawa anapiga kelele na kuona wadudu ukutani. Wakasema amepagawa. Dimensia inakuja hivyo?

NesiMstaafu_Moshi

Hukujua, kaka, na babu mlimlea.

Hilo la bibi ni swali zuri kuliko yote humu. Dimensia inakwenda miezi na miaka. Mtu akibadilika ndani ya saa au siku, kuna kitu kingine mwilini, hata kama dimensia tayari anayo. Wanaotaka kumwombea wamwombee, lakini siku hiyohiyo apimwe malaria, sukari na mkojo, apimwe joto na presha, aulizwe mara ya mwisho amepata choo lini, na ziangaliwe dawa zote alizoanza karibuni. Mguseni tumbo, mwangalieni kinywani, kwenye nyayo, mgongoni. Hawezi kusema "naumwa", anasema kwa kuzurura na kupiga kelele.

BintiNgamiani

Hili lilitupata Machi iliyopita. Mama alikuwa anaamka saa 10. Ghafla ikawa saa 7, saa 8, saa 9, saa 10, na mchele hataki hata kuutazama. Hakuwa na homa. Siku ya kwanza nikasema ugonjwa umepanda ngazi. Siku ya pili akanipiga kofi, mama ambaye hajawahi kunipiga. Kituo cha kwanza tulichokwenda walituambia "ni uzee huo, mvumilieni" bila kumgusa. Siku ya tatu shangazi akauliza choo. Nikafungua daftari: siku sita hakuna choo. Tukaenda kwingine, wakampima, kibofu kimejaa kwa sababu choo kigumu kimekibana, na mkojo una maambukizi. Baada ya matibabu ya wiki moja akarudi kwenye saa yake ya 10. Nilipomwona ameingiza vidole kwenye bakuli la mchele nilikaa chini nikalia.

Tangu hapo daftari lina safu ya tano: choo.

---

Juma_Boda_Korogwe

Mimi ni bodaboda. Mwezi uliopita nilibeba mzee, amevaa vizuri, anasema nimpeleke stesheni kupanda treni. Tumefika hajui jina la mwanawe wala pesa hana. Nilizunguka naye saa tatu. Mtu kama huyu unamfanyaje?

NesiMstaafu_Moshi

Ulivyofanya ni vizuri, hukumshusha. Mpigie salamu kwa mbele, si kwa nyuma. Usimhoji maswali kumi. Mpe maji, mtafutie kivuli, mpeleke kwa balozi, msikitini au kanisani wamtangaze, na polisi wajulishwe.

Na ninyi familia: bodaboda wa kijiwe chenu wamjue mzee wenu kwa sura. Namba ya simu ishoneni ndani ya ukingo wa kanga au shati, kwa sababu kadi anaitupa. Piga picha yake leo, siyo ile ya harusi ya 2009. Akipotea, kagueni kwanza ndani: chooni, uvunguni, stoo, nyuma ya nyumba. Dakika 15 zikipita piga simu kwa watu na polisi, hakuna kungoja siku ipite. Gawaneni: wengine waende alikofanyia kazi, alikozaliwa, kwenye nyumba ya zamani. Wengine wapekue mitaro, vichaka na mashamba ya jirani kwa macho na mikono, siyo kwa kuita tu. Wengi wao wakiitwa hawaitiki. Wanakwenda mbele mpaka wanakwama mahali, wanakaa kimya. Akipatikana, msimgombeze.

---

Wambui_wa_Thika

Nimesoma yote. Lakini hakuna aliyesema mlezi analala saa ngapi. Mimi niko peke yangu na baba, kazi naenda saa moja asubuhi. Nikikaa naye jikoni kila saa 10, mwezi wa pili sitakuwa mzima.

BintiNgamiani

Dada Wambui, kwetu tuko watatu na tunapokezana: mimi Jumatatu hadi Alhamisi, kaka Ijumaa na Jumamosi, mjukuu mkubwa Jumapili. Anayekesha anaingia kitandani saa 3 usiku, asiguswe na mtu. Mdogo wetu wa Maskati anamlipa binti wa jirani asubuhi mbili kwa wiki anikalie na mama nilale. Bila hivyo ningeshavunjika. Wewe uliye peke yako sina jibu, na sitaki kukupa la kukuridhisha tu. Una jirani yeyote, au watu wa kanisani, wa kukupa hata usiku mmoja kwa wiki?

Wambui_wa_Thika

Kuna mama mmoja wa kanisani aliwahi kusema nimwambie nikihitaji. Nilidhani anasema tu.

NesiMstaafu_Moshi

Mpigie kesho. Usimwambie "nisaidie", mwambie "njoo Jumatano saa 2 usiku, ulale hapa mpaka saa 12". Mtu akipewa siku na saa anajua anachoombwa. Na mwonyeshe mapema baba anatulizwa na nini, asije akambishia mlangoni.

Wambui_wa_Thika

Shida ni kwamba sijui anatulizwa na nini. Alikuwa makanika wa magari. Anafungua kila kitu, bomba, redio, kitasa.

Kaka_wa_Makorora

Mimi fundi pia. Mtafutie boksi la nati na bolti kubwa, zisizomezeka, zilizoshika grisi kidogo, na kitambaa cha kufutia. Zichanganye saizi. Fundi hawezi kuona nati zimechanganyika akaziacha.

BintiNgamiani

Wambui ukijaribu tuandikie, na uandike na saa. Mimi nawaacha kidogo, inakaribia saa 11 na sijaloweka mchele.